Visawe, Kumbukumbu au Vidokezo: Njia Tatu za Kuandika Upya Kifungu kwa Maneno Yako

Mwanafunzi anapoambiwa "andika kwa maneno yako mwenyewe", huwa amepewa kazi mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kulinda maana: aliyoyasema mwandishi yabaki yaleyale, yasizidi wala kupungua. Ya pili ni kubadili usemi: anayesoma aone sentensi za mwanafunzi, si za kitabu zilizovalishwa nguo nyingine. Kazi hizi mbili zinavutana. Ukiishikilia maana kwa woga, unajikuta unanakili. Ukikimbia maneno ya kitabu, unajikuta umesema jambo ambalo mwandishi hakulisema.

Njia ambazo wanafunzi huzitumia kwa kawaida ni tatu. Kuna wanaobadili maneno huku kitabu kikiwa wazi mbele yao, neno moja baada ya jingine. Kuna wanaosoma, wakafunga kitabu, wakaandika wanachokumbuka. Na kuna wanaotoa vidokezo kwanza, kisha wakaandika kutoka kwenye vidokezo hivyo badala ya kitabu. Nitazipitisha zote tatu kwenye kifungu kimoja, kwa sababu tofauti zake hazionekani mpaka matokeo yawekwe ubavuni kwa ubavu.

Kifungu chenyewe nimekitunga kwa ajili ya ulinganisho huu, kwa mtindo wa kitabu cha jiografia:

> Mmomonyoko wa udongo kwa kawaida hauanzi na maji yanayotiririka, bali na matone ya mvua yanayopiga ardhi tupu. Kila tone huvunja mabonge madogo ya udongo na kurusha chembechembe zake, ambazo huziba vinyweleo vya juu vya ardhi. Vinyweleo vikishaziba, maji hushindwa kupenya kwa kasi ya kutosha na huanza kutiririka, yakibeba udongo uliokwisha kulegezwa. Majani makavu yaliyotandazwa juu ya ardhi hulipunguzia tone nguvu hiyo kwa kiasi kikubwa, ingawa kwenye miteremko mikali hayawezi peke yake kuzuia mmomonyoko.

Ni sentensi nne tu, lakini zimebeba vitu vya aina tatu. Kuna dai kuu, kwamba chanzo ni tone na si maji yanayokwenda. Kuna mnyororo wa sababu: tone linavunja, chembe zinaziba, maji yanashindwa kuingia, yanaondoka na udongo. Halafu kuna maneno madogo yanayopima nguvu ya kila dai: "kwa kawaida", "ya kutosha", "kwa kiasi kikubwa", "peke yake". Haya nitayaita vipimo. Naomba uyaweke akilini, maana katika kazi za wanafunzi ninazosahihisha ndiyo yanayopotea kabla ya kitu kingine chochote, na yakipotea mwandishi anasingiziwa jambo.

Kubadili neno kwa neno

Hii ndiyo njia ambayo mkono huikimbilia wenyewe. Kitabu kiko wazi, kamusi iko karibu, na kila neno linatafutiwa kisawe. Matokeo yake huwa hivi:

> Mmomonyoko wa ardhi kwa desturi hauanzi na maji yanayokimbia, bali na matone ya mvua yanayogonga ardhi wazi. Kila tone hupasua madonge madogo ya udongo na kutupa vipande vyake, ambavyo hufunga matundu ya juu ya ardhi. Matundu yakishafungwa, maji hukosa uwezo wa kuingia kwa haraka ya kutosha na huanza kukimbia, yakichukua udongo uliokwisha kulainishwa. Majani yaliyokauka yaliyotandikwa juu ya ardhi hulipunguzia tone uwezo huo kwa kiwango kikubwa, ingawa kwenye milima mikali hayawezi yenyewe kukomesha mmomonyoko.

Ukihesabu maneno yaliyobadilika utadhani kazi imefanyika. Lakini liweke toleo hili chini ya kifungu cha asili, ufuatilie viungo vyake tu. "Bali" iko palepale. Kirejeshi "amba-" kiko palepale. "-kisha-" ya sentensi ya tatu iko palepale, na "ingawa" inagawa sentensi ya mwisho mahali palepale. Sentensi ni nne, kila moja inaanza na kuishia pale inapoanzia na kuishia ya mwandishi. Mifupa yote ni yake. Mwanafunzi amebadili ngozi. Mwalimu aliye na kitabu mkononi halazimiki kutafuta neno hata moja lililonakiliwa ili atambue kilichotokea.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba hata maana haikulindwa. "Ardhi tupu" ilimaanisha ardhi isiyo na kifuniko. "Ardhi wazi" inaweza kusomeka kama eneo lisilo na watu au majengo. Udongo "uliolegezwa" ni ule ulioachana na wenzake, uko tayari kubebwa. Udongo "uliolainishwa" ni mlaini tu, jambo jingine kabisa. Mteremko si lazima uwe mlima. Na "kukomesha" ni kumaliza kabisa, ilhali mwandishi alisema "kuzuia". Kisawe hakichaguliwi kwa kulitazama neno likiwa peke yake, na njia hii inamlazimisha mwanafunzi alitazame hivyo hivyo. Anaweza kufika mwisho wa kifungu bila kuwa ameelewa kwa nini vinyweleo vikiziba maji huanza kutiririka.

Mtaalamu wa uandishi wa Marekani, Rebecca Moore Howard, aliandika kuhusu tabia hii katika miaka ya 1990 na kuifananisha na ushonaji wa viraka: mtu anachukua maandishi ya mwingine, anaondoa maneno kadhaa, anageuza sarufi kidogo, anapachika visawe. Alichokisisitiza, na nakubaliana naye kwa moyo wote, ni kwamba mara nyingi huu si ujanja wa mwizi. Ni alama ya msomaji ambaye bado hajakimudu kifungu, au bado ni mgeni katika lugha ya somo lile. Hata hivyo vyuo vingi huihesabu kazi ya namna hii kuwa wizi wa maandishi, hasa pale ambapo mwandishi hakutajwa. Kwa hiyo ukijikuta unashona viraka, ichukue kama taarifa kwamba kifungu hujakielewa. Rudi ukakisome, usitafute visawe zaidi.

Kufunga kitabu na kuandika

Njia ya pili inaanza vizuri zaidi. Unasoma kifungu mara mbili au tatu, unakifunika, unaacha dakika chache zipite, kisha unaandika kama unayemweleza mwenzako ambaye hakukisoma. Wengine hueleza kwa mdomo kwanza, na hilo husaidia, kwa sababu mtu akisema hajengi sentensi ndefu kama za kitabu. Toleo linalotoka mara nyingi linafanana na hili:

> Chanzo cha mmomonyoko ni mvua. Matone yakipiga ardhi huipasua na kuifanya iwe ngumu, kwa hiyo maji hayaingii, yanatiririka na kuondoka na udongo. Ndiyo maana wakulima hutandaza majani makavu ili kuzuia mmomonyoko.

Kwa upande wa usemi, njia hii imeishinda ya kwanza kwa mbali. Sentensi ni za mwanafunzi, mwendo wake ni wa mtu anayezungumza, na hakuna mfupa wa mwandishi uliobaki. Kama kazi ingekuwa moja tu, ya kubadili usemi, tungeishia hapa.

Sasa tazama maana. Mwandishi alisema mmomonyoko "kwa kawaida" huanza na tone. Mwanafunzi anasema chanzo "ni" mvua, bila nafasi ya hali nyingine. Mwandishi alisema maji hushindwa kupenya "kwa kasi ya kutosha", maana yake mengine yanaingia. Mwanafunzi anasema "hayaingii". Mwandishi alisema majani hupunguza nguvu ya tone na kwamba kwenye mteremko mkali hayatoshi. Mwanafunzi ameyafanya kuwa dawa kamili, na mteremko umetoweka. Wakulima hawakutajwa popote kwenye kifungu, wameletwa na mwanafunzi.

Kosa kubwa kuliko yote limejificha katikati: "kuifanya iwe ngumu". Mwandishi alieleza kuwa chembe zinaziba vinyweleo. Mwanafunzi alikumbuka kwamba maji yalishindwa kuingia lakini akasahau kwa nini, na kumbukumbu yake ikaziba pengo hilo kwa sababu inayosikika kuwa ya kweli. Ndivyo kumbukumbu inavyofanya kazi kwa kila mmoja wetu. Inashika mwanzo na matokeo, inaachia hatua za kati, na zaidi ya yote inaachia viwango na masharti. Kosa la aina hii ni gumu kuligundua kwa sababu sentensi inasomeka vizuri. Hakuna kinachogoma masikioni. Linaonekana tu pale unapofungua kitabu tena na kukilinganisha na ulichoandika, dai kwa dai.

Kuna hatari nyingine inayowapata wenye kumbukumbu kali: wanafunga kitabu, lakini kipande kizima cha sentensi kinarudi kama kilivyokuwa, nao wanaamini ni chao. Kadiri unavyoandika mapema baada ya kusoma, ndivyo hatari hii inavyokuwa kubwa. Zile dakika chache za kusubiri zina kazi yake.

Je, njia hii iachwe? Hapana. Inakifaa sana kifungu kifupi chenye wazo moja. Chukua mfano huu, ambao pia nimeutunga:

> Popo wengi wanaokula wadudu huwinda usiku kwa masikio: hutoa sauti ya juu mno ambayo binadamu haisikii, kisha hufuata mwangwi wake unaporudi kutoka kwa mdudu.

Ukiisoma mara mbili na kuifunika, unaweza kuandika bila shida: "Mwangwi ndio unaowaongoza popo wengi walao wadudu gizani. Wanapiga sauti ambayo masikio yetu hayaipati, na ikigonga windo huwarudia, nao wanaifuata." Wazo ni moja, mnyororo ni mfupi, kipimo ni kimoja, "wengi", na kimebaki. Kuandaa vidokezo hapa kungekuwa kupoteza muda.

Kuandika kutoka kwenye vidokezo

Njia ya tatu inaweka karatasi moja kati ya kitabu na kazi yako. Kitabu kikiwa wazi unatoa vidokezo. Unapoandika, kitabu kimefungwa na mbele yako kuna vidokezo tu. Hivyo kumbukumbu haibebi mzigo peke yake, na macho hayana sentensi za mwandishi za kuyavuta.

Yote yanategemea vidokezo vyenyewe. Kama umeandika sentensi nzima, umenakili tu mahali pengine, na utakapoandika kutoka hapo utashona viraka vilevile. Kidokezo kizuri hakina sentensi. Kina neno au maneno mawili, mshale wa kuonyesha nini kinasababisha nini, na kipimo kilichowekwa alama. Mimi hupendelea kukizungushia duara kila kipimo, ili kisinipite wakati wa kuandika. Hapa, badala ya duara, nimetumia mabano ya mraba. Kwa kifungu chetu cha udongo vingekuwa hivi:

> chanzo: tone kwenye ardhi isiyofunikwa [mara nyingi], si maji yatembeayo
> tone → udongo wavunjika → chembe → njia za maji zajaa → maji hayazami [haraka vya kutosha] → yaondoka + udongo uliolegea
> majani makavu → pigo hafifu [sana]
> mteremko mkali: majani [tu] hayatoshi

Angalia kwamba maneno mengi yamekwisha kubadilika hapa, kabla ya sentensi yoyote kuandikwa. "Vinyweleo" vimekuwa "njia za maji", "kwa kawaida" imekuwa "mara nyingi". Mabadiliko haya hayakutoka kwenye kamusi. Yametoka kwenye swali "hiki kinafanya nini?" Vinyweleo vya udongo ni njia ambazo maji hupitia kuzama, na ukilijua hilo huhitaji kisawe.

Kabla ya kuandika, uamuzi mmoja unabaki, nao ndio unaobadili mifupa: uanzie wapi? Mwandishi alianza kwa kukanusha, kwamba si maji yanayotiririka. Wewe unaweza kuanzia kwenye ardhi tupu, au kwenye majani, au kwenye mteremko, kulingana na hoja yako mwenyewe. Kama insha yako inahusu matandazo, anza na majani, kisha eleza kwa nini yanasaidia. Mpangilio ukifuata hoja yako, sentensi hugeuka zenyewe bila kulazimishwa. Nimechagua kuanzia kwenye ardhi:

> Mwandishi anaanzia kwenye ardhi isiyofunikwa. Hapo, anasema, ndipo mmomonyoko unapozaliwa mara nyingi, mvua inapoangusha matone yake, kabla hata maji hayajaanza kutembea. Pigo la tone linausambaratisha udongo, na chembe zinazoruka zinakwenda kujaza njia ndogo ambazo maji yangezipitia kuzama. Mvua ikizidi kile ambacho ardhi inaweza kunywa, maji yanabaki juu, kisha yanaondoka na udongo ambao matone yalikwisha kuuachanisha. Matandazo ya majani makavu yanalifanya pigo hilo liwe hafifu, tena kwa tofauti kubwa. Penye mteremko mkali, hata hivyo, kuyategemea hayo tu hakutoshi.

Sentensi sasa ni sita, na mipaka yake haiko pale ilipokuwa. Ukanushi wa mwanzo umegeuka kuwa kishazi, "kabla hata maji hayajaanza kutembea". "Ingawa" imeondoka, na tofauti ya mteremko inasimama katika sentensi yake yenyewe. Vipimo vyote vinne vipo: "mara nyingi" imeshika nafasi ya "kwa kawaida", "mvua ikizidi kile ambacho ardhi inaweza kunywa" inabeba "kwa kasi ya kutosha", "kwa tofauti kubwa" na "hayo tu" zimefanya kazi ya vile viwili vilivyobaki. Na maneno "mmomonyoko", "udongo", "tone", "chembe" na "majani makavu" yamebaki kama yalivyo, nayo yanapaswa kubaki. Istilahi si mali ya mwandishi, ni ya somo. Mwanafunzi anayeuita mmomonyoko "kuliwa kwa ardhi" ili asionekane amenakili anamchanganya msomaji bila kupata faida yoyote. Tarakimu nazo, kama zingekuwapo, zingebaki zilivyo pamoja na vipimo vyake.

Njia hii nayo ina mtego. Kwa kuwa umekielewa kifungu, unashawishika kukiendeleza. Katika rasimu ya kwanza sentensi yangu ya mwisho ilisema kwamba penye mteremko mkali majani yasaidiwe na matuta. Ni ushauri wa kweli, matuta hutumika hivyo hasa. Lakini kifungu hakikuyataja, na ukiyaweka ndani ya maneno unayompa mwandishi, umemsemesha. Mahali pake ni sentensi inayofuata, baada ya kumaliza kumtaja, ambapo ni wewe unayesema. Mstari kati ya maneno yake na yako ni lazima uonekane.

Uchague ipi

Kwa muda, njia ya kumbukumbu ndiyo nyepesi, ya vidokezo ndiyo nzito. Ya visawe inadanganya: inaonekana ya haraka, lakini kila neno linataka kusimama na kutafuta, na mwishoni umetumia muda mwingi kupata kitu kisichofaa. Kwa kifungu kirefu sina shaka kwamba vidokezo vinakuwahisha zaidi.

Kigezo ninachokipendekeza ni umbo la kifungu, kuliko urefu wake. Kama kina wazo moja na unaweza kulisema kwa pumzi moja, funga kitabu uandike. Kama kina mnyororo wa sababu, masharti, tarakimu au ulinganisho wa pande mbili, andaa vidokezo, hata kama ni sentensi mbili tu. Vifungu vya sayansi, historia yenye visababishi vingi, na matokeo ya utafiti huangukia karibu vyote kwenye kundi hili la pili. Matokeo ya utafiti yanataka uangalifu wa ziada, kwa kuwa watafiti huandika "huenda", "yanaashiria", "miongoni mwa waliohojiwa", na kila kimoja cha vipimo hivyo ni sehemu ya ugunduzi wenyewe. Aliyesema "yanaashiria" hajasema "yanathibitisha".

Kubadili neno kwa neno sikupendekezi kama njia ya kuanzia hata mara moja. Kuna mahali padogo panapoifaa: mwishoni kabisa, unapokuta kipande cha kitabu kimeponyoka na kuingia kwenye toleo lako. Hapo unakivunja. Hata hivyo kugeuza muundo kunasaidia zaidi kuliko kisawe. Kauli ya kutenda inaweza kuwa ya kutendwa, sentensi yenye "ambazo" inaweza kukatwa mara mbili, "vikishaziba, maji hushindwa" inaweza kuanzia kwenye maji na kuishia kwenye sababu.

Kuna pia vifungu ambavyo havitaki njia yoyote kati ya hizi. Fasili ya dhana, kifungu cha sheria, mstari wa shairi, au maneno ambayo ubishi wako unahusu namna yalivyosemwa, hayo yadondoe kama yalivyo ndani ya alama za mtajo. Kama umejaribu mara kadhaa na kila toleo linapoteza kitu, nukuu fupi ni uamuzi wa haki kuliko maelezo yaliyopinda. Na kama unachokihitaji ni kiini tu cha kurasa kadhaa, hapo kazi yako ni kufupisha. Kuandika upya hutoa maandishi yenye urefu unaokaribiana na wa asili, ufupisho hauna deni hilo.

Swali moja huulizwa sana na wanaosoma kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine: nikitafsiri, si tayari ni maneno yangu? Si hivyo. Tafsiri hubadili kila neno na kubakisha kila kitu kingine, mpangilio, mifano, mwendo wa hoja. Ni ndugu wa karibu wa njia ya visawe. Ajabu ni kwamba vidokezo hufanya kazi vizuri sana hapa: soma kwa lugha ya kitabu, andika vidokezo kwa Kiswahili, funga kitabu, jenga sentensi zako. Mgeuko wa lugha unatokea kwenye kidokezo, ambako hakuna sentensi ya kufuatwa.

Kukagua kabla ya kuikabidhi

Njia yoyote uliyoichagua, ukaguzi ni wa safari mbili na zisichanganywe. Katika ya kwanza unatafuta maana. Fungua kitabu, chukua dai moja moja la mwandishi na uulize liko wapi kwenye toleo lako na lina nguvu ileile. Kisha geuza: chukua kila sentensi yako na uulize mwandishi alilisema hili wapi. Mzunguko huu wa pili ndio unaowakamata "wakulima" na "matuta". Watu wengi hufanya wa kwanza tu.

Katika safari ya pili unatafuta usemi. Pigia mstari kila mfululizo wa maneno unaofanana na wa kitabu. Hakuna idadi ya maneno inayokubalika kila mahali kuwa ndiyo mpaka, hivyo usiitegemee hesabu. Jiulize kama mfululizo ule ni istilahi au ni namna ya mwandishi ya kusema. "Mmomonyoko wa udongo" ni istilahi. "Yakibeba udongo uliokwisha kulegezwa" ni namna yake ya kusema. Halafu tazama mifupa: sentensi zinaanza wapi, viungo viko wapi, hoja imepangwaje. Programu za kulinganisha maandishi husaidia kuona mfululizo wa maneno, lakini toleo la visawe linaweza kupenya humo kwa asilimia ndogo na bado likabaki la mwandishi. Asilimia ndogo isikupe usingizi.

Na mwandishi anatajwa katika njia zote tatu. Kubadili maneno hakukufanyi uwe mwenye wazo. Katika mtindo wa APA, toleo la 7 la mwaka 2019, unataja jina na mwaka, na namba ya ukurasa si lazima kwa maandishi yaliyoandikwa upya, ingawa unaweza kuiweka inapomsaidia msomaji kufika haraka. Mtindo wa MLA hutaja jina na ukurasa. Ninachokishauri ni kumtaja mwandishi mwanzoni mwa maelezo yake, kwa "kwa mujibu wa" au "anaeleza kwamba", badala ya kusubiri mabano ya mwishoni. Mabano ya mwisho yanaonyesha mahali maneno yake yanapokomea, lakini hayaonyeshi yalipoanzia, na msomaji wa aya ndefu hubaki akikisia ni sentensi ngapi kati ya hizo ni zake na ngapi ni zako.